Unga wa protini: wei, kaseini au wa mimea, na kiasi unachohitaji kweli

Watu wengi wanaoingia duka la virutubisho wanauliza swali la pili kabla ya la kwanza. Wanataka kujua kopo lipi ni bora, la wei, la kaseini au la mimea, ilhali hawajui wanapungukiwa gramu ngapi za protini kwa siku, au kama wanapungukiwa kabisa. Jibu la swali hilo la kwanza ndilo linaloamua kila kitu kingine, ikiwemo kama kopo lenyewe linunuliwe au libaki rafuni. Kwa hiyo tutaanza na sahani, halafu tufike kwenye kopo.

Hatua ya kwanza: jua lengo lako kwa siku

Protini hupimwa kwa uzito wa mwili. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani na wenzake walitoa kiwango cha gramu 0.83 kwa kila kilo ya mwili kwa siku kwa mtu mzima mwenye afya. Kiwango hicho kinatosheleza karibu watu wazima wote wasiofanya mazoezi mazito. Mtu wa kilo 70 anahitaji basi gramu 58 hivi, na wengi wanaokula maharage, samaki au nyama kila siku wanazipata bila kujua.

Anayenyanyua vyuma ili ajenge misuli anahitaji zaidi. Mwaka 2018 watafiti waliunganisha matokeo ya majaribio 49 ya watu waliofanya mazoezi ya nguvu huku wengine wakiongezewa protini. Waliona faida ikipanda mpaka kwenye gramu 1.6 hivi kwa kilo kwa siku, na baada ya hapo kwa wastani haikuonekana kuongezeka. Kwa kuwa watu hutofautiana, wapo wanaoweza kunufaika hadi kwenye gramu 2. Jambo ambalo wauza makopo hawalisemi ni kwamba nyongeza ya misuli iliyoletwa na protini ya ziada katika majaribio hayo ilikuwa ndogo, kama gramu 300 tu kwa wastani juu ya ile iliyoletwa na mazoezi peke yake. Vyuma ndivyo vinavyojenga. Protini ni matofali, na matofali hayajipangi yenyewe ukutani.

Wazee nao wanahitaji zaidi ya 0.83, kwa sababu misuli yao huitikia protini kwa uvivu. Wataalamu wa lishe ya wazee wanapendekeza gramu 1.0 hadi 1.2 kwa kilo, isipokuwa kwa wenye ugonjwa wa figo, ambao nitawarudia. Na ukiwa na uzito mkubwa unaotaka kuupunguza, piga hesabu kwa uzito unaoulenga badala ya ule wa leo, kwa sababu mafuta ya mwilini hayadai protini kama misuli.

Hatua ya pili: hesabu sahani yako ya kawaida

Chukua siku moja ya kawaida, ile ya katikati ya wiki. Sikukuu haifai, wala siku uliyojitahidi. Nitakuonyesha kwa kijana mmoja ninayemsimamia mazoezi hapa Dar es Salaam. Ana kilo 70, ananyanyua vyuma mara nne kwa wiki, na alinijia akitaka kopo. Lengo lake ni 70 mara 1.6, yaani gramu 112.

Asubuhi alikuwa anakunywa chai ya maziwa na chapati mbili. Chapati mbili za ukubwa wa kawaida zina kama gramu 10, na maziwa ya kwenye chai yanaleta 3 hivi. Mchana alikula wali na maharage: sahani ya wali uliopikwa ya gramu 300 ina protini 8, na kikombe kilichojaa maharage yaliyoiva kina 15. Usiku ulikuwa ugali na sato. Ugali uliosongwa kwa gramu 200 za sembe una kama 14, na minofu ya samaki aliyepikwa, gramu 120 baada ya kutoa miiba, ina 31. Mboga za majani tukazipa 3. Jumla ni gramu 84.

Tazama hapo. Bila kopo lolote alikuwa tayari amepita mahitaji ya mtu asiyefanya mazoezi kwa gramu 26. Upungufu wake dhidi ya lengo la mazoezi ulikuwa gramu 28, si zile skupu tatu za unga, yaani vijiko vya kupimia vinavyokuja na kopo, alizoambiwa kwa siku na rafiki yake wa jimu.

Gramu 28 zinapatikanaje? Mayai mawili asubuhi yanaleta 12. Nusu lita ya maziwa au mtindi inaleta 16. Tayari 112, hesabu imefunga. Au skupu moja ya unga yenye gramu 24, na yai moja juu yake. Njia zote mbili zinafikisha mahali pamoja, na misuli haiwezi kutambua ipi ulipitia.

Usiwe mkali mno na hesabu hii. Protini ya nafaka na maharage haimeng'enywi yote kama ya yai au samaki, na chapati ya mama mmoja si chapati ya mwingine. Unatafuta picha ya jumla: unapungukiwa 10, 30 au 60? Kama ni 10, ongeza upawa wa maharage na usahau kopo. Kama ni 30, kopo ni suala la urahisi na pesa. Kama ni 60, tatizo lako ni chakula chenyewe, na skupu zitafunika tu shimo ambalo kesho litakudai madini na vitamini.

Kuna jambo jingine lililojitokeza kwenye hesabu ya kijana yule: mgawanyo. Usiku alikula 45 na zaidi, asubuhi 13 tu. Misuli hufanya kazi nzuri zaidi ikipata gramu 20 hadi 35 kwa mlo, mara tatu au nne kwa siku. Kwa hiyo kama ni kuongeza, aongeze asubuhi. Kuweka skupu juu ya ugali na samaki ni kumwaga maji kwenye ndoo iliyojaa wakati nyingine iko tupu.

Hatua ya tatu: sasa chagua aina

Wei, ile inayoandikwa whey kwenye kopo, ni yale majimaji yanayobaki maziwa yakigandishwa kutengeneza jibini. Kati ya protini zote za maziwa ya ng'ombe, wei ni kama asilimia 20, na kaseini ndiyo 80 iliyobaki. Kwa hiyo ukinywa maziwa ya kawaida umeshakunywa zote mbili.

Wei haigandi tumboni. Hupita haraka, na asidi amino zake, yaani vipande vidogo vinavyounda protini, hupanda kwenye damu ndani ya saa moja hivi. Ina wingi wa lusini, ile asidi amino inayoiamsha misuli ianze kujenga: katika gramu 25 za protini ya wei kuna kama gramu 2.5 za lusini. Ndiyo sababu imekuwa chaguo la kwanza la jimu. Huuzwa kwa namna mbili kuu. Ya kwanza hufupishwa WPC, ina protini kama asilimia 80 ya unga wake ikiwa ni ya daraja la juu, na inabakiza lakitosi, yaani sukari ya maziwa. Ya pili ni WPI, imechujwa zaidi, ina protini asilimia 90 na lakitosi kidogo sana, na bei yake ni kubwa zaidi.

Tofauti hiyo inatuhusu sana sisi, kwa kuwa watu wazima wengi Afrika Mashariki hawameng'enyi lakitosi vizuri. Dalili yake haifichiki: kati ya nusu saa na saa mbili baada ya kunywa, tumbo linajaa gesi, linanguruma, wakati mwingine unaharisha. Ikikutokea, jaribu kwanza nusu skupu, au hamia WPI. Kama maziwa mabichi yanakusumbua lakini mtindi haukusumbui, basi huenda tatizo ni lakitosi, kwa sababu bakteria wa mtindi wameshaila sehemu yake. Lakini kama maziwa yanakuletea vipele, kuvimba midomo au kubanwa kifua, hiyo ni aleji ya protini yenyewe. Hapo wei na kaseini zote mbili si zako, hata iliyochujwa namna gani.

Kaseini ikikutana na asidi ya tumbo huganda kama mtindi, halafu huachilia asidi amino polepole kwa saa nyingi. Jaribio maarufu la Ufaransa la mwaka 1997 lilionyesha asidi amino zikiendelea kuwa juu hata saa saba baadaye. Kutoka hapo likaja wazo la kunywa kaseini kabla ya kulala, na watafiti wa Maastricht mwaka 2012 walithibitisha kwamba gramu 40 zilizonywewa usiku baada ya mazoezi humeng'enywa vizuri usingizini na kuongeza ujenzi wa misuli usiku ule. Lakini waliokunywa walilinganishwa na watu ambao hawakunywa protini usiku ule. Ukifikisha lengo lako la siku kwa njia nyingine, faida ya kaseini usiku inakuwa ndogo sana, na glasi ya mtindi ni kaseini tayari.

Mahali ninapoiona ina maana ni kwa anayefunga Ramadhani huku akiendelea na mazoezi. Muda wake wa kula ni mfupi, na baada ya daku kuna saa 13 hivi bila kitu. Agawe protini mara tatu, futari, mlo wa usiku na daku, na ile ya daku iwe ya maziwa au kaseini, pamoja na chakula kigumu. Ukila wei pamoja na uji mzito na mayai, nayo itachelewa tumboni, kwa hiyo usijilaumu kama kaseini haipatikani dukani kwako.

Unga wa mimea hasa ni wa soya, njegere au mchele. Soya ndiyo iliyokamilika zaidi kwa asidi amino. Njegere ina asidi amino iitwayo lisini kwa wingi, ila ile iitwayo methionini ni kidogo, na mchele ni kinyume chake, ndiyo maana makopo mazuri huchanganya hizo mbili. Ni ile ile hekima ya wali na maharage, ikiwa imesagwa. Lusini yake ni pungufu kidogo kuliko ya wei, kama gramu 2 katika gramu 25 za protini, kwa hiyo ongeza kiasi: palipotosha gramu 25 za wei, chukua 30 hadi 35 za mimea.

Je, misuli itapungua? Hapana. Mwaka 2021 watafiti wa São Paulo waliwafuatilia vijana wasiokula kabisa vyakula vya wanyama na wengine wanaokula kila kitu. Wa kwanza waliongezewa soya na wa pili wei mpaka wote wakafika gramu 1.6 kwa kilo, wakafanya mazoezi ya miguu kwa wiki 12. Misuli na nguvu ziliongezeka sawasawa. Jumla ya siku ikifika, chanzo kinakuwa jambo dogo.

Tatizo la unga wa mimea liko kwingine. Mimea hufyonza madini mazito kutoka udongoni, na vipimo vya huru vilivyofanywa Marekani vimekuta mara kwa mara risasi na kadimiamu zaidi kwenye unga wa mimea kuliko wa wei, hasa wenye ladha ya chokoleti, kwa kuwa kakao nayo hubeba madini hayo. Skupu moja siku ya mazoezi si jambo la kukutia hofu. Skupu tatu kila siku kwa miaka ni suala jingine, na mjamzito asiutumie bila kuzungumza na daktari au mkunga wake.

Kwa kifupi ningechagua hivi: WPC kwa asiyesumbuliwa na maziwa, WPI kwa anayesumbuliwa kidogo, mchanganyiko wa njegere na mchele au soya kwa mwenye aleji au asiyetumia vya wanyama. Kaseini ni ya mwisho, kwa mwenye sababu maalumu.

Hatua ya nne: soma kopo kwa kikokotoo

Geuza kopo, achana na picha ya mbele. Tafuta ukubwa wa skupu kwa gramu na protini iliyomo, kisha gawanya. Skupu ya gramu 30 yenye protini 24 ni asilimia 80, nzuri. Skupu ya gramu 30 yenye protini 18 ni asilimia 60, na unalipia unga wa aina nyingine. Makopo makubwa ya kuongeza uzito yanaweza kutaja protini 50, ukashangilia, kumbe ni katika kipimo cha gramu 150. Theluthi moja tu ni protini, na sehemu kubwa ya kilichobaki ni wanga uliosagwa. Uji wa ulezi na karanga ungekufaa zaidi.

Kisha soma orodha ya viambato. Cha kwanza ndicho kingi kuliko vyote. Ukiona glaisini, taurini au kreatini vimetajwa ndani ya kopo linalojiita protini tupu, kuwa makini. Maabara nyingi hupima protini kwa kupima naitrojeni, na vitu hivyo vya bei rahisi vina naitrojeni, kwa hiyo vinapandisha namba kwenye karatasi bila kujenga misuli. Udanganyifu wa namna hiyo hiyo, kwa sumu ya melamini, ndio uliowaangamiza watoto wachanga China mwaka 2008 kupitia maziwa ya unga.

Baada ya hapo piga bei ya gramu moja. Tuseme kopo la kilo 2 lenye asilimia 75 linauzwa shilingi 210,000. Lina gramu 1,500 za protini, kwa hiyo kila gramu ni shilingi 140. Yai la shilingi 500 lenye gramu 6 linatoa gramu kwa shilingi 83 hivi. Maharage ya shilingi 3,000 kwa kilo yana gramu kama 220 za protini, yaani shilingi 14 kwa gramu. Weka bei za sokoni kwako, na mara nyingi utaona mpangilio ule ule. Dagaa wakavu nao ni hazina: zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini.

Kwa kopo lililofungwa, angalia nembo ya TBS au KEBS kulingana na ulipo, namba ya toleo, tarehe ya mwisho, na utando wa chini ya kifuniko. Ukikuta tarehe iliyobandikwa juu ya nyingine, mwachie muuzaji kopo lake. Mwanariadha anayepimwa dawa haramu, iwe Iten au Arusha, asinunue kopo lisilo na alama ya Informed Sport au NSF Certified for Sport, kisha aingize namba ya toleo kwenye tovuti ya alama hiyo kuhakikisha. Kopo lililochafuliwa halikuondolei adhabu, kwa sababu sheria za michezo humbebesha mwanariadha kilichomo mwilini mwake.

Hatua ya tano: kuandaa

Maji au maziwa kwanza, unga baadaye, vinginevyo utaganda chini ya chupa. Usimwage wei kwenye uji unaochemka: ikifika nyuzi 70 hivi inajikunja na kuwa madonge ya mpira. Protini haijapotea, ila hainyweki. Epua uji, uache mpaka uweze kuuonja bila kuungua, koroga unga pembeni kwa maziwa baridi kidogo, ndipo uchanganye. Kaseini huwa nzito kama uji, iongezee maji. Njegere ina mchanga mchanga na uchungu kidogo, na ndizi mbivu iliyopondwa inaificha vizuri.

Usitayarishe asubuhi ukaibeba kwenye begi mpaka jioni kwa joto la Dar au Mombasa. Beba unga mkavu chupani, maji utapata huko huko.

Nani asiguse kwanza

Mwenye ugonjwa wa figo ambaye hajaanza kusafishwa damu kwa kawaida hupunguziwa protini, na skupu moja inaweza kuvuruga mpango wa daktari. Aliye kwenye mashine ya kusafisha damu, kinyume chake, anahitaji zaidi. Kwa hiyo hapo ni daktari tu. Kwa mtu mwenye figo nzima, protini ya kiasi tulichotaja haijaonyeshwa kuziharibu. Shida ni kwamba wengi wenye sukari au shinikizo la damu hawajui hali ya figo zao. Kama una mojawapo, pima kreatinini ya damu na protini kwenye mkojo kabla ya kununua.

Baada ya wiki nane

Andika uzito wa mwili kila wiki asubuhi kabla ya kula, na uzito wa vyuma unavyonyanyua. Vyuma vikipanda, kiasi chako kinatosha, usiongeze. Visipopanda na mwili haujaongezeka, kagua kwanza kama unakula chakula cha kutosha kwa jumla, kwa sababu mwili wenye njaa huchoma protini kama kuni. Kagua pia usingizi, na kama mazoezi yenyewe yanaongezwa uzito hatua kwa hatua. Kijana wa kilo 70 niliyemtaja alichagua mayai na mtindi kwa siku za kawaida, na pakiti ndogo ya WPC kwa siku mbili za wiki anazofanya mazoezi alfajiri na kwenda moja kwa moja kazini. Kwa skupu mbili kwa wiki, pakiti ya kilo moja itamfikisha miezi minne.